Barua yangu ilikosa nafasi kwa sababu ya matanga

Jumanne nilipigiwa simu na mama mmoja wa ofisi ya Nakuru nilikoomba kazi. "Kijana, barua pepe yetu imerudi mara mbili. Inasema sanduku lako limejaa." Nilikuwa steji Kisumu, hindi choma mkononi. Nikamwambia haiwezekani, mimi barua napata chache mno.

Na kweli. Nilipofungua ukurasa wa hifadhi wa akaunti yangu ya Google, barua za miaka 9 zilikuwa GB 1 tu, faili za Drive GB 2. Picha na video zilikuwa GB 12, karibu zote za matanga ya babu kule Bondo. Nilirekodi kwaya tatu na kila mheshimiwa aliyeshika maiki, kisha usiku simu ikapandisha kila kitu kwa waifai ya binamu. Huko kupandisha nilikuwasha mwenyewe, kosa ni langu.

Najua kwa nini barua, faili na picha vinakula chungu kimoja cha nafasi. Kabla ya Mei 2013, Google ilikuwa na viwili: GB 10 za Gmail, GB 5 za Drive na picha. Wa barua chache alibaki na nafasi tupu huku faili zake zikisongamana. Ndipo wakaunganisha, zikawa 15. Haya, hilo nawapa, lilikuwa jambo la busara. Lakini wakati huo picha zilizobanwa kidogo hazikuhesabiwa. Tangu 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa, na hapo ndipo barua ilipoanza kusukumwa nje.

Maana vitu hivi si sawa, jamani! Picha ikikosa nafasi inabaki kwenye simu ikisubiri. Barua ikikosa nafasi haina pa kusubiri: inarudi kwa aliyeituma, na mimi sijui hata kwamba iliandikwa. Tena barua ya maneno tu mara nyingi haifiki KB 50, wakati video ya dakika moja inaweza kupita MB 100. Dakika moja ya kwaya imekalia nafasi ya barua 2,000! Wangetenga GB 1 tu isiyoguswa na video, nani angeumia?

Viambatisho, sawa, vihesabiwe. Hivyo ni vizito, na ukimtumia mtu wa saiba CV akuchapishie, nakala inabaki pia kwenye zilizotumwa. Andika `has:attachment larger:10M` pale pa kutafutia barua uone aibu yako.

Nikafuta video zote ndani ya matatu. Kipimo hakikusogea. Kumbe zimehamia kwenye pipa la taka, ambako hukaa siku 60 na bado zinahesabiwa. Nikalimwaga pipa, nikampigia yule mama.

"Nimetuma tena," akasema. "Usaili ni kesho saa mbili asubuhi. Utafika?"

Nikarudi steji kutafuta gari la Nakuru.