Mkono wa Kushoto, Jokofu la Chanjo na Kreti la Soda

Nimelazimika kuandika leo, kabla hata uso haujanipoa, kwa sababu shoga yangu wa zamu ya usiku amekwisha kurusha toleo lake kwa sauti katika makundi matatu ya wasapu, na katika toleo hilo mimi ninazimia mbele ya wageni wa halmashauri. Sikuzimia. Nilikaa chini kwa hiari yangu, juu ya kreti la soda, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwangu kuliko mnavyoweza kudhani.

Habari ya mkono wangu wengi wenu mnaijua. Kwa mliojiunga juzi: wakati wa masika, umeme ulipokatika kwa mara ya nne siku hiyo, niliingiza mkono wa kushoto nyuma ya jokofu la chanjo kuangalia kama plagi imelegea, na umeme ukarudi papo hapo. Mashujaa wengine hupigwa radi wakainuka wakiruka juu ya maghorofa. Mimi nilipigwa shoti na jokofu, nikainuka ninajua kwamba ubao wa mlango niliouegemea una nyuzi joto 31. Tangu siku hiyo, chochote ninachokigusa kwa kiganja cha kushoto hunipa jotoridi lake, pamoja na ile tarakimu baada ya nukta. Hakuna zaidi. Siruki, sinyanyui magari, na foleni ya Mbagala ninakaa kama nyinyi.

Tatizo la kwanza mmekwisha kuliona: ni mkono wa kushoto. Ningeweza kuishi na kipaji kidogo, lakini kipaji kinachonitaka nimguse mzee wa watu kwa kushoto ni mtihani. Mwezi uliopita walikuja watu wa posa ya mdogo wangu. Mama alikuwa amenionya tangu asubuhi, nami nilikuwa na sinia la sambusa mkono wa kulia. Mzee mshenga akanyoosha mkono, nami nikaupokea kwa ule uliokuwa wazi, nikasema kwa sauti ya kazini, "Shikamoo baba, una homa, nyuzi 38.4." Ukumbi mzima ulinyamaza. Mzee alipowekewa kipimajoto kwapani kilisoma 36.8, na ndipo ilipobainika kwamba alitoka Gongo la Mboto akiwa amekaa kile kiti cha mbele cha daladala kinachokalia injini, akiwa ameegemeza mkono palepale. Mkono wangu haukusema uongo, ila ulisoma ngozi, nami nikatangaza mwili. Posa imeahirishwa hadi watakapotuletea majibu, na mdogo wangu hunisalimia kwa kupitia kwa mama.

Ningekuwa na akili, ningejifunza hapo hapo. Sasa sogeeni karibu, tunaingia penyewe.

Jumanne tulikuwa na wageni wa usimamizi kutoka halmashauri, na kliniki ya watoto ilikuwa imejaa, akina mama kama 40 wameketi kwenye mabenchi na kadi zao mikononi. Wengi walileta watoto wa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambao huchomwa pentavalenti, ile inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Chanjo hiyo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi huogopa joto peke yake, lakini pentavalenti huogopa kuganda kuliko inavyoogopa joto la saa chache, na ubaya ni kwamba kile kialama cha mraba kwenye kichupa, kinachogeuka rangi, hutoa taarifa ya joto tu. Kichupa kikiganda usiku na kuyeyuka asubuhi, alama hubaki nzuri kabisa, nawe unamchoma mtoto dawa iliyokwisha kupoteza nguvu.

Nilikuwa ninayaeleza hayo kwa wageni kwa ufasaha ambao sasa unaniuma. Kabla ya kufungua jokofu nilifanya kila kitu kwa maonyesho: nikabonyeza vitakasa mikono mara tatu, nikasugua, na kwa haraka ya kutaka kuonekana mahiri sikusubiri vikauke. Juu yetu pangaboi lilikuwa linazunguka kwa nguvu zote. Mkumbuke pangaboi.

Kipimajoto cha ndani kilikuwa kinasoma nyuzi 4. Nikachukua kichupa kimoja kutoka nyuma, karibu na ukuta wa barafu, nikakileta chini ya pangaboi, nikakifumbata kwa kushoto ili mgeni aone jinsi tunavyokagua. Mkono ukaniambia: nyuzi 3 chini ya sifuri.

Hapa mnielewe. Nilikuwa na sababu. Kipimajoto huning'inia katikati, na vichupa vinavyogusa ukuta wa barafu vinaweza kuganda huku katikati pakiwa salama. Jambo hilo hutokea kweli, na ndiyo maana tunakatazwa kubana vichupa ukutani. Kwa hiyo sikunong'ona. Nilisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabenchi, "Simamisheni! Chanjo imeganda!"

Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kumvua mwanawe suruali alimvisha tena. Matroni alinitazama kwa jicho ambalo halikuhitaji kipimo. Lakini muuguzi akitilia shaka, haruhusiwi kupuuzwa, kwa hiyo vichupa vyote 60 vikatengwa kwenye boksi na kuandikwa USITUMIE, akina mama wa pentavalenti wakaombwa warudi kesho, na Matroni akaamuru kifanyike kipimo cha kutikisa. Kipimo hicho hakifanyiki kwa dakika tano, maana unahitaji kichupa cha kulinganisha cha aina ileile na toleo lilelile, unachokigandisha kwa makusudi mpaka kiwe jiwe usiku kucha, kisha unakiacha kiyeyuke chenyewe bila kukipasha moto. Tukakitoa mhanga kimoja, tukakiandika IMEGANDISHWA, tukakitia kwenye friza. Usiku huo nililala kama shujaa. Nilimpigia hata mama simu kumweleza kwamba nimeokoa watoto, naye akawatangazia wateja wake wa barafu za ukwaju.

Asubuhi ya Jumatano walikuwapo wote: wageni, Matroni, mlinzi, shoga yangu ambaye zamu yake ilikwisha saa moja na hakuwa na sababu yoyote ya kubaki, na wale akina mama, waliosogeza benchi karibu na dirisha.

Nilivishika vichupa viwili pamoja kwa mkono mmoja, wa kulia, ili vitikiswe sawasawa, nikatikisa kwa nguvu sekunde 15, nikaviweka mezani kimoja kando ya kingine. Kuanzia hapo hakuna cha kufanya isipokuwa kutazama kwa muda usiozidi nusu saa. Chanjo iliyoganda chembechembe zake hushikana, zikawa mabonge madogo yanayozama upesi, na juu hubaki maji maang'avu. Ambayo haikuganda hubaki nyeupe na laini, ikituama polepole mno.

Dakika ya pili havikuwa na tofauti, nami nikatabasamu kwa wageni.

Dakika ya tano, kile cha IMEGANDISHWA kikaanza kuonyesha mabonge. Nikakitazama kile changu kwa mapenzi, kama mtu anayemtazama mwanawe kwenye mashindano ya kusoma Kurani, nikisema moyoni, anza na wewe basi.

Dakika ya tisa, cha kulinganisha kilikuwa na maji safi juu, nusu nzima. Changu kilikuwa cheupe pepepe. Niliinama mpaka pua ikakaribia meza. Nikajaribu kuona hata bonge moja. Nilikuwa, na ninakiri hili mbele yenu, ninaomba Mungu chanjo ya watoto wa watu iwe imeharibika.

Dakika ya kumi na mbili, sauti ikatoka dirishani. Alikuwa yule mama wa suruali. "Sista, hilo moja tui limekatika, lakini hili lingine mbona zima kabisa? Hili hata wali ungepika."

Wageni walijaribu kukohoa. Mlinzi hakujaribu. Nikajua kwamba mpishi wa kawaida kutoka Tandika amesoma kipimo cha kitaalamu upesi kuliko mimi, na kwamba zimebaki dakika kumi na nane, nazo lazima zikamilike, maana kipimo hakikatizwi kwa ajili ya aibu ya muuguzi. Ndipo nilipoliona kreti la soda, nikakaa. Kwa hiari. Nusu saa ilipotimia, changu kilikuwa bado tui zito la kwanza.

Matroni hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Jana kabla ya kukigusa ulifanya nini?" Akaniletea kikombe cha chuma chenye maji. Mkono mkavu ulisema nyuzi 28. Akanimiminia vitakasa mikono, akanisimamisha chini ya pangaboi, nikagusa tena: 21. Spiriti inapokauka hunyonya joto kutoka pale ilipo, na upepo huiharakisha, kwa hiyo nilichokisoma Jumanne ni ule utando wa spiriti juu ya kioo cha baridi. Chanjo iliyokuwa ndani ilikuwa kwenye nyuzi zake 4, imetulia. Ni kosa lilelile la mzee wa posa, safari hii nje ikiwa baridi badala ya moto.

Yaliyofuata nitayapitia mbiombio. Barua ya kujieleza niliandika, kurasa mbili. Vichupa vilirudi jokofuni, watoto walichomwa siku hiyohiyo, wawili ambao hawakurudi tuliwafuata majumbani na mhudumu wa jamii. Mama amewaambia wateja wa barafu kwamba habari ile ilikuwa ya muuguzi mwingine.

Na wewe, shoga, unayesoma haya huku ukijifanya umelala: ukirusha sauti ya pili, sema kreti lilikuwa la soda, usiseme la bia.

Matroni amebandika karatasi kwenye mlango wa jokofu, kwa herufi kubwa: HAIRUHUSIWI KUGUSA CHANJO KWA MKONO WA KUSHOTO. Jana alikuja mwanafunzi wa mazoezi, akaisoma, akaniambia kwamba amefurahi sana kuona kituo ambacho bado kinazingatia adabu.