Ukinyimwa viza, soma kwanza kisanduku kilichotiwa alama

"Nina duka la vitenge Kariakoo. Niliomba viza ya wiki tatu nimtembelee mdogo wangu aliyejifungua Hamburg, Ujerumani, nikanyimwa. Nakutumia karatasi ya kunyimwa na faili langu lote. Wakala anasema niombe upya kama mtalii, nisimtaje mdogo wangu kabisa. Mwenzangu sokoni anasema nikate rufaa. Nimfuate nani?"

Kabla ya kumfuata yeyote, dada yangu, irudie ile karatasi ya kunyimwa. Nchi zote 29 za Shengeni, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, zinatumia fomu ya namna moja: orodha ya sababu zilizoandikwa tayari, na afisa anatia alama kwenye kisanduku kinachokuhusu. Watu wengi huona neno moja tu, "hapana", wakaikunja. Hizo hapana hazifanani.

Kipo kisanduku kinachosema hukuthibitisha madhumuni na mazingira ya safari. Maana yake afisa hakuelewa unakwenda kufanya nini, au hakuona karatasi za kumwonyesha. Kingine kinasema kuna shaka ya msingi kwamba utaondoka kabla viza haijaisha. Hapo amekuelewa, ila hajaona cha kukurudisha nyumbani. Cha tatu kinasema maelezo uliyotoa si ya kuaminika, na hicho ni kizito kuliko vyote, maana kinagusa ukweli wako. Viwili vya kwanza vinajibika kwa maelezo bora. Hicho cha mwisho hakijibiki kwa barua tamu.

Kwenye karatasi yako vilivyotiwa alama ni viwili vya kwanza. Sasa jiweke upande wa pili wa dirisha. Afisa ana faili lako na mengine mengi, na kwa kawaida anatakiwa kuamua ndani ya siku 15. Kwenye taarifa yako ya benki anaona shilingi milioni 14, lakini milioni 9 kati ya hizo ziliingia siku kumi kabla hujapeleka maombi. Wewe unajua ni zamu yako ya kikoba. Yeye anaijua hadithi nyingine, ya watu wanaokopeshwa fedha ili benki ionekane imeshiba, kisha fedha zinarudi kwa mwenyewe. Anaona leseni ya biashara, lakini hakuna karatasi inayosema duka litabaki na nani. Anaona unakwenda kwa mama aliyejifungua, na swali linalomjia ni kama wiki tatu zitageuka miezi sita ya kulea. Hajakuita mwongo. Ameamua kwa alichokiona mezani, na ulichoweka mezani kilikuwa nusu ya habari.

Lakini nisimpendelee. Utaratibu huu unamtwika mwombaji mzigo wote, na shaka ni kitu chepesi kuona kuliko kuondoa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliwahi kuligusa hili mwaka 2013, katika kesi ya Koushkaki, Mwirani aliyenyimwa viza na ubalozi wa Ujerumani mjini Tehran. Mahakama ilisema viza haiwezi kukataliwa kwa sababu iliyo nje ya zile zilizoorodheshwa kwenye sheria, na kwamba afisa hahitaji kuwa na uhakika kwamba mtu atarudi. Kinachotazamwa ni kama kuna shaka ya msingi. Ila mahakama hiyohiyo iliwaachia maafisa uwanja mpana wa kupima mambo. Kwa hiyo sheria inakulinda kidogo, na inamlinda afisa zaidi kidogo.

Hoja ya wakala si ya kijinga, tuikubali. Ndugu aliyeko Ulaya anaweza kuhesabiwa kama kamba inayokuvuta ubaki, wakati mtalii mwenye hoteli ya siku nane hana kamba hiyo. Msema kweli anaweza kuonekana dhaifu kuliko mwongo aliyejipanga, na inauma. Tatizo ni kwamba maombi yako ya kwanza hayakufutika. Yamo kwenye VIS, mfumo wa pamoja wa viza, na yanakaa humo miaka mitano. Ukibisha hodi kwa Wafaransa au Waitaliano, wanayaona vilevile. Mwezi uliopita ulikuwa na mdogo wako Hamburg, mwezi huu humjui, na ghafla umependa makumbusho. Hapo ndipo kile kisanduku cha tatu kinapotiwa alama, na safari hii kwa haki.

Rufaa nayo ina mahali pake. Ingekufaa kama karatasi zote zilikuwemo na afisa akazipuuza, au kama umeitwa mdanganyifu wakati si kweli. Doa hilo usiliache likae. Zamani kwa Ujerumani uliweza kuuandikia ubalozi uleule ukiomba watazame upya, bila kulipa. Njia hiyo ilifungwa tarehe 1 Julai 2025, na mimi naona wamewaonea waombaji wa kawaida, kwa sababu kilichobaki ni mahakama ya Berlin. Huko kesi huchukua muda na fedha, na mtoto atakuwa anatembea kabla hujasikilizwa. Zaidi ya hapo, mahakamani ungelalamikia uamuzi uliofanywa juu ya faili ambalo wewe mwenyewe unajua lilikuwa na mapengo.

Linalobaki ni kuomba upya, na sheria yenyewe ya viza inasema kunyimwa mwanzo hakumaanishi kunyimwa tena moja kwa moja. Lakini usirudishe faili lilelile kwa maneno laini zaidi. Utalipa tena euro 90, pamoja na ada ya kituo cha maombi, kununua jibu lilelile.

Barua yako ya kwanza ilisema: "Naomba viza nimtembelee ndugu yangu. Nina fedha za kutosha." Ya pili iseme hivi, kwa lugha ubalozi unayoipokea: "Niliomba mwezi Machi nikanyimwa kwa sababu mbili. Milioni 9 zilizoingia benki ni zamu yangu ya kikoba. Naambatisha nakala ya daftari la kikoba na barua ya mwenyekiti. Mauzo yangu ya miezi sita yanaonekana kwenye taarifa ya lipa namba na hati ya mlipa kodi. Nakwenda kukaa na mdogo wangu aliyejifungua. Mume wake anabaki na likizo ya uzazi nikiondoka, na barua ya mwajiri wake imo. Duka linashikwa na msaidizi wangu wa miaka minne, nami narudi kabla ya mzigo wa sikukuu."

Angalia sentensi ya likizo ya uzazi. Ndiyo inayojibu lile swali la kulea, na ungeificha ungefikiri umejisaidia. Kama si kweli kwamba mume ana likizo, iondoe, usiibuni. Mdogo wako anaweza pia kutoa hati rasmi ya udhamini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Inajibu suala la gharama, lakini haijibu suala la kurudi, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Si lazima ueleze kila kitu maishani mwako. Deni dogo la vitenge kwa jirani halimhusu afisa. Kipimo changu ni kimoja: kama afisa akilijua jambo hilo uamuzi wake ungebadilika, basi liandike, na uandike na jibu lake.

Ukipeleka hayo yote na kisanduku cha kurudi kikatiwa alama tena, usiombe mara ya tatu mwezi ujao. Hapo karatasi zimefika mwisho wake, na tatizo ni jinsi wanavyohesabu hatari ya mtu mwenye hali kama yako. Pengine itakuwa rahisi mdogo wako ampakie mwanawe ndege aje Dar wakati wa baridi ya Hamburg.