Madrid wananiuliza «has comido», Las Palmas «comiste»

Kila Jumapili jioni mama hunipigia simu kutoka Mombasa, na swali lake la kwanza ni lile lile: «Umeshakula, mwanangu?» Niliishi Madrid miaka minne, na sasa ni mwaka wa tatu niko Las Palmas, katika kisiwa cha Gran Canaria. Katika miji yote miwili watu huulizana jambo hilo kwa Kihispania, lakini kitenzi hakifanani: Madrid husema «¿Has comido?», Las Palmas husema «¿Ya comiste?». Naamini sisi wasemaji wa Kiswahili tunafundishwa tofauti hii vibaya, kwa sababu tunaambiwa tangu somo la kwanza kwamba kitenzi kisaidizi «haber», ambacho «has», «he» na «ha» ni maumbo yake, ndicho «-me-» yetu, na jambo likaishia hapo.

Madrid mpaka ni siku. Jambo la leo, hata kama lilitokea alfajiri na sasa ni saa nne usiku, hutajwa kwa «haber»: «Esta mañana he visto a Carmen», yaani asubuhi hii nimemwona Carmen. Likiwa la jana, kitenzi hugeuka: «Ayer vi a Carmen». Nyumbani hatupimi hivyo. Mama akitaka kujua usiku kuhusu chakula changu cha mchana, husema «Leo mchana ulikula nini?», kwa «-li-», ingawa siku haijaisha, kwa kuwa mlo wenyewe umeshapita. Mtu wa Las Palmas naye husema «¿Qué comiste hoy?», na sikio langu la pwani likamwelewa mara moja. Katika darasa la jioni la Madrid, mwalimu aliikata kwa wino mwekundu sentensi yangu «Hoy compré pan», yaani leo nilinunua mkate. Kwa mazoea ya mji ule alikuwa na haki ya kuisahihisha, lakini hakunieleza kwamba sentensi hiyo hiyo ni Kihispania safi katika Visiwa vya Kanari, Galisia, Meksiko na Buenos Aires. Ukimya huo ndio ninaoulalamikia, kwa maana wengi wetu huhama kufuata kazi, na huko tuendako twajikuta tunajifunza upya.

Hata hivyo, watu wa Las Palmas hawajaiacha «haber». Huitumia pale ambapo jambo bado liko wazi hadi sasa. Kituoni, tukisubiri basi, ambalo huku huitwa «guagua», mtu husema «No ha llegado», yaani halijafika. Likitokea kwenye kona, husema «Ya llegó», yaani limeshafika. Kwetu «-ja-» na «-mesha-» ni ndugu, swali na jibu lake. Kwao ndugu hao wametenganishwa, mmoja amebaki na «haber» na mwingine amehamia wakati uliopita. Nilichukua miezi mingi kuacha kusema «Ya ha llegado», ambayo hapa ilinitambulisha papo hapo kuwa nimejifunzia bara.

Kinachofuata «haber» hakibadiliki kwa mji. Kwa kawaida huishia «-ado» au «-ido», kama «comprado» na «comido», lakini vitenzi tunavyovihitaji kila siku ndivyo vinavyokaidi: «hecho», «dicho», «visto», «puesto», «escrito», «vuelto», «abierto», «roto», «muerto». Hakuna njia ila kuvizoea mdomoni. Mtego ulio wetu hasa ni upatanisho wa ngeli. Tumezoea kwamba milango imefunguliwa na madirisha yamefunguliwa, kwa hiyo mkono hutuvuta kuandika «he abiertas las puertas». Ni kosa: baada ya «haber» umbo hilo halifuati jinsia wala idadi, husemwa «he abierto las puertas». Likija baada ya «estar» ndipo hupatana: «las puertas están abiertas».

Na hapo ndipo «-me-» inapoonyesha kwamba si «haber». Katika jiko la hoteli ninapofanya kazi, bilauri ilianguka juzi ikapasuka. Kwa Kiswahili ningesema «bilauri imevunjika» wakati inaanguka, na ningesema «bilauri imevunjika» saa nzima baadaye nikionyesha vipande sakafuni. Kihispania hukitaka kila kimoja kwa sura yake: tukio Madrid ni «se ha roto el vaso», na hali ya vipande ni «el vaso está roto», kokote uendako. Nilimwita mwenzangu, mzaliwa wa kisiwa hiki, nikamwambia «Se ha roto un vaso». Akaja na ufagio, akatazama chini, akaniuliza ilivunjika lini: «¿Cuándo se rompió?»