Mashini ya miaka mitatu au ya miaka sita: hesabu ipi iamue?

"Niko natafuta mashini ya kusaga mahindi kwa Katuba. Kuko moja ya dola 5,000, inatumika miaka mitatu, na ingine ya dola 9,600, ya miaka sita. Ya kwanza itaniachia dola 3,000 kwa mwaka, ya pili 3,300. Kontable anasema ile ya bei kubwa ndiyo inaleta faida mingi. Mdogo wangu anasema huwezi kulinganisha miaka mitatu na sita. Nani ana haki?"

Mdogo wako ana haki kuhusu njia ya kuhesabu, mama. Lakini kutoka hapo hadi kusema mashini ndogo, ile ya miaka mitatu, ndiyo ya kununua, kuna mwendo, na sehemu kubwa ya mwendo huo haimo ndani ya hesabu ya kontable wala ya mdogo wako.

Nachukua kwamba hizo 3,000 na 3,300 ni pesa zinazobaki baada ya kulipa umeme, fundi, vipuri na vijana wa kazi, na kwamba mwishoni kila mashini inabaki chuma tu, haiuziki. Nachukua pia kwamba pesa yako ukiiacha kwenye biashara ya unga wa jumla inakuletea asilimia 15 kwa mwaka. Hicho ndicho kiwango cha punguzo: kile unachokosa kwa kuitoa pesa huko na kuifunga kwenye mashini.

Kontable amefanya hivi. Dola 3,000 za mwaka wa kwanza amezigawa kwa 1.15, zikawa 2,609 za leo. Za mwaka wa pili amezigawa mara mbili, zikawa 2,268, na za mwaka wa tatu zikawa 1,973. Jumla ni 6,850. Ukitoa bei ya kununua, inabaki 1,850, ambayo ndiyo thamani halisi ya sasa ya mashini ndogo. Kwa ile kubwa, mapato ya miaka sita yana thamani ya 12,489 leo, na ukitoa 9,600 inabaki 2,889. Kwenye Excel, ambayo hapa Lubumbashi mara nyingi ni ya Kifaransa, anaandika hivi:

```
=VAN(15%;3000;3000;3000)-5000
=VAN(15%;3300;3300;3300;3300;3300;3300)-9600
```

Bei ya kununua lazima ikae nje ya mabano. Ukiiingiza ndani kama namba ya kwanza, Excel itaipunguza kana kwamba utalipa baada ya mwaka mmoja, na thamani itakayotoka si sahihi. Mwombe kontable akuonyeshe mstari huo.

Basi 2,889 ni zaidi ya 1,850, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Tatizo ni kwamba mashini ndogo imemaliza kazi yake kwa miaka mitatu, huku ile kubwa ikiwa ndiyo kwanza imefika katikati. Watu wa Katuba hawataacha kula bukari mwaka wa nne. Kama nia yako ni kuendelea kusaga, mashini ya kwanza ikichoka utanunua nyingine, na hiyo ya pili nayo italeta 1,850, ila baada ya miaka mitatu. Thamani yake ya leo ni 1,216. Ukijumlisha mbili hizo unapata 3,066, kwa miaka sita ileile. Sasa ndogo imeipita kubwa.

Njia fupi ya kufika palepale ni kuigeuza thamani ya sasa iwe faida sawa ya kila mwaka: ni kiasi gani, kikija kila mwaka bila kubadilika, kina uzito ule ule na 1,850 kwa miaka mitatu, au 2,889 kwa miaka sita? Unagawa kwa jumla ya vipunguzo vya miaka hiyo, yaani thamani ya leo ya dola moja inayokuja kila mwaka, ambayo kwa asilimia 15 ni 2.2832 kwa miaka mitatu na 3.7845 kwa miaka sita. Excel inafanya yenyewe:

```
=VPM(15%;3;-1850)
=VPM(15%;6;-2889)
```

Ya kwanza inatoa dola 810 kwa mwaka, ya pili 763. Mimi napenda kuiona kama kodi. Ungekuwa unakodisha mashini ndogo badala ya kuinunua, bei yake na riba ya pesa yako vingekuwa sawa na kodi ya 2,190 kwa mwaka. Kubwa ingekuwa 2,537. Kubwa inakuingizia dola 300 zaidi kila mwaka, lakini kodi yake imezidi kwa 347. Zile 47 ndizo tofauti yote tunayobishania.

Hapo mdogo wako angefunga daftari. Mimi nasema bado, kwa sababu faida sawa ya kila mwaka imejengwa juu ya sharti moja ambalo halionekani kwenye jibu: kwamba mwaka wa tatu utapata mashini ile ile, kwa bei ile ile, itakayokuletea 3,000 zile zile. Hesabu inakwambia tu kwamba ukirudia mambo bila mabadiliko, ndogo inashinda. Lazima tuulize kama mambo yatarudiwa hivyo.

Tuipime. Ili mashini ndogo mbili zifungane na kubwa moja, ile ya pili lazima ilete 1,580 mwaka wa tatu, badala ya 1,850. Nafasi uliyo nayo ni dola 270 hivi. Mashini ndogo ikipanda kutoka 5,000 hadi 5,300 huku bei ya kusaga ikibaki ilipo, faida ya ndogo imekwisha. Hiyo si hata asilimia 2 kwa mwaka. Na si bei peke yake. Kati ya siku ile ya zamani inapokufa na siku ile mpya inapoanza kuzunguka kuna siku ambazo hakuna unga unaotoka: pesa haijakamilika, mashini iko barabarani au inasubiri karatasi mpakani Kasumbalesa, fundi hajaweka msingi. Mwezi mmoja bila kusaga ni dola 250. Mwezi na wiki moja, nafasi yako yote imeliwa. Anayenunua kubwa anaikwepa hatari hiyo ya mwaka wa tatu, na hakuna mahali katika 763 panapomlipa kwa hilo.

Upande wa pili una hoja nzito pia, nami siipuuzi. Anayenunua ndogo anabaki na dola 4,600 mkononi leo, na mwaka wa tatu yuko huru. Wateja wakihama, au akifungua mwingine mwenye mashini bora jirani, hununui tena; umepoteza kidogo. Ikitoka mashini inayokula umeme kidogo, unaichukua mapema. Uhuru huo nao haumo ndani ya 810. Kwa hiyo pande zote mbili zina kitu ambacho hesabu haikukiona, na tofauti ya dola 47 ni ndogo mno kuvibeba vyote viwili.

Kuna jambo jingine ambalo naona linaangusha watu wengi kuliko hayo, nalo ni ile asilimia 15. Tunaposema biashara ya unga inaleta 15, tunahesabu dola kama zilivyo mkononi, na ndani yake mna kupanda kwa bei. Dola nayo inapoteza nguvu, ingawa polepole kuliko faranga. Lakini kwenye mapato tumeandika 3,000 kila mwaka, kana kwamba bei ya kusaga haitasogea kamwe. Tumechanganya kiwango chenye mfumuko wa bei na mapato yasiyo na mfumuko. Tuseme bei kwa dola zinapanda asilimia 3 kwa mwaka, na bei ya kusaga na ya mashini zinafuata. Kiwango cha kweli basi ni 1.15 gawanya kwa 1.03, toa 1, yaani asilimia 11.65. Rudia hesabu: ndogo inatoa 931 kwa mwaka, kubwa 988. Mshindi amebadilika, na hatujagusa mashini yoyote.

Mpaka wenyewe uko karibu na asilimia 13 na nusu. Chini ya hapo kubwa inashinda, juu yake ndogo inashinda, kwa sababu pesa ikiwa ghali, kulipia miaka sita kwa mkupuo kunauma zaidi. Ndiyo maana mtu anayekopa dola kwa riba kubwa na mtu anayetumia akiba yake wanaweza kupewa namba zile zile, kila mmoja akachagua mashini yake, na wote wawili wakawa sahihi. Ukitaka kujua kama hesabu yako imesimama, ifanye kwa kiwango kilicho juu kidogo na kilicho chini kidogo ya ulichochagua. Mshindi akibadilika, namba hizo haziwezi kuamua peke yake.

Na kama bei ya kusaga unaipokea kwa faranga, igeuze iwe dola kwa mwaka husika kabla ya kuipunguza. Usipunguze mapato ya faranga kwa kiwango cha dola.

Kwa hiyo, mama, ningependelea kubwa, kama pesa ni yako na si ya mkopo, na kama utasaga miaka yote sita. Sharti hili la mwisho ndilo ningeliangalia kwanza, kwa sababu hujaniambia parseli ni ya nani. Kama wewe ni mpangaji, na mwenye parseli anaweza kuitaka baada ya miaka minne, mlinganisho wa kila mwaka hauna kazi tena, kwa kuwa hakuna kurudia. Hapo unarudi kwenye thamani halisi ya sasa, kwa miaka minne tu. Kubwa kwa miaka minne inaleta mapato yenye thamani ya 9,421 leo, pungufu ya bei yake kwa 179. Itabidi uiuze ukiondoka, na ili ifikie zile 1,850 za ndogo, lazima upate si chini ya dola 3,550 kwa mashini iliyotumika miaka minne. Uliza kwanza mafundi wanaouza mashini za mtumba kama bei hiyo ipo. Kama haipo, chukua ndogo, na mwaka wa nne uachie parseli.