Rahisi mno hata nishuku: bei ya kachri za shelisheli

Mpwa wangu hapa Mombasa amebuni kachri za shelisheli. Amezikata nyembamba kama za muhogo, akazikaanga, akazinyunyizia pilipili ya unga na ndimu kavu, kisha akazifunga kwenye pakiti za gramu 60. Ni tamu, hilo hatubishani. Tunabishana bei. Mamake anataka 30, yeye anataka 80. Mimi, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ya kuhoji wanunuzi madukani, nikaulizwa kama ipo njia ya kujua bila kukisia.

Ipo, na ni ya zamani kidogo. Mholanzi aitwaye Peter van Westendorp aliieleza mwaka 1976 katika kongamano la ESOMAR, chama cha watafiti wa soko, mjini Venisi. Unamwonyesha mtu bidhaa, kisha unamuuliza mambo manne. Ni bei gani ambapo pakiti hii itakuwa ghali mno, hata hutafikiria kuinunua? Ni bei gani ambapo itakuwa rahisi mno, hata ushuku ubora wake? Ni bei gani ambapo utaanza kuiona ghali, lakini bado waweza kuinunua ukifikiria? Na ni bei gani utakayosema hii ni nafuu, nimepata? Kila mtu anakupa namba nne, na kazi yako ni kuangalia namba za watu wote zinakutana wapi.

Nimeona wengi wakiiga njia hii na kulitupa swali la pili. Wanasema nani atalalamika kwamba kitu ni rahisi? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenye faida kuliko yote, hasa kwa chakula cha kuumauma ambacho mtu hajawahi kukionja. Kachri za muhogo kila mtu wa hapa anazijua. Amezila ufukweni Mama Ngina akitazama bahari, ameona sufuria, ameona mafuta. Akiuziwa rahisi hashuku. Pakiti iliyofungwa ni habari nyingine, maana hakuiona ikikaangwa. Ukimwambia shilingi 20, anawaza mafuta yaliyorudiwa mara kumi, au mzigo uliokaa mpaka ukavunda. Mamake mpwa wangu alidhani bei ya chini ni usalama, kumbe nayo ina mpaka wake, na swali hilo pekee ndilo linalouonyesha.

Kabla ya hesabu, neno juu ya kuuliza kwenyewe, maana huku kwetu ndiko mambo yanakoharibika. Ukisimama na pakiti mkononi ukamwuliza mtu "utanipa ngapi", hujafanya utafiti. Umefungua mnada. Atataja chini ya anachofikiri, kwa sababu amezoea kwamba muuzaji atapandisha. Kwa hiyo anayeuliza asiwe mwenye mali, na aseme wazi mwanzoni kwamba leo hakuna kinachouzwa. Mtu aishike pakiti, aione imeandikwa gramu 60, aonje kipande kimoja, na aambiwe ni bei ya dukani mtaani, si ya hotelini wala ya kivuko. Pia chagua maneno. "Rahisi" peke yake haitoshi, kwani kwa wengi ni sifa njema. Sema "rahisi mno hata ushuku", na umwone usoni kama ameelewa shaka unayoizungumzia.

Namba nne za mtu mmoja lazima zipande kwa mpangilio: rahisi mno iwe chini ya nafuu, nafuu chini ya ghali, ghali chini ya ghali mno. Aliyekwambia 50 ni nafuu na 40 ni ghali hakukuelewa, na fomu yake unaiweka kando. Zikiwa chache si neno. Zikianza kuwa nyingi, usiwalaumu watu, rudi ukaliangalie swali lako.

Sasa hesabu. Namba zifuatazo nimezipanga mwenyewe ziwe nyepesi kufuatilia. Chukulia tumebaki na fomu safi za watu 100, ili kila mtu awe asilimia moja.

Tuanze na shilingi 40. Tunahesabu ni wangapi wanaoiona 40 kuwa rahisi mno, yaani waliotaja 40 au zaidi kwenye swali la shaka. Tuseme ni 26. Halafu wangapi wanaiona 40 kuwa nafuu? Tuseme 74. Maana yake 26 hawaioni nafuu. Namba mbili zimelingana, 26 na 26, na hapo ndipo mpaka wa chini. Ukishuka hadi 30, wenye shaka wanafika 48 na wasioiona nafuu wanabaki 10 tu. Punguzo limekwisha kazi: karibu kila anayeweza kufurahia unafuu amekwisha furahi, na unachoongeza ni shaka.

Mpaka wa juu unapatikana kwa kioo cha hesabu hiyo hiyo. Kwa shilingi 70, tuseme 42 wanasema ghali mno. Wanaosema ni ghali, wakiwamo hao, ni 58, kwa hiyo wasioiona ghali ni 42. Zimelingana tena. Basi eneo linalokubalika ni kuanzia 40 hadi 70.

Ukirudia hesabu hii kwa kila bei na kuichora, kila swali linapata mstari wake. Hapa kuna jambo linalowakanganya wengi. Watu kadhaa hawasumbuki kugeuza "nafuu" iwe "wasioiona nafuu". Wanachukua mstari wa rahisi mno na kuukutanisha moja kwa moja na mstari wa ghali, na ule wa ghali mno na ule wa nafuu. Kwa namba zangu, mkato huo unaleta takriban 46 hadi 63 badala ya 40 hadi 70. Daima utabana eneo, kwa sababu wasioiona bei kuwa nafuu hawawezi kuwa wachache kuliko wanaoiona ghali. Katikati yao wapo wanaoiona ya kawaida tu. Mkato si dhambi, lakini mtu akikuletea matokeo, muulize kwanza amekutanisha mistari gani. Vinginevyo mtalinganisha tafiti mbili mkadhani soko limebadilika, kumbe ni kalamu.

Katikati ya eneo hilo mna sehemu mbili nyingine. Moja ni pale wanaosema ghali wanapolingana na wanaosema nafuu; kwa namba zangu ni kama 57, na huwa karibu na bei ambayo watu wanaihesabu ya kawaida kwa kitu cha aina hiyo. Ya pili ni pale wanaosema rahisi mno wanapolingana na wanaosema ghali mno, kama 52. Hii ya pili imepewa jina la bei bora, na mimi nina ugomvi na jina hilo.

Ubora wake ni kwamba hapo wanaokukataa kwa ghali na wanaokukataa kwa rahisi wamelingana. Basi. Haijui umenunua shelisheli kwa kiasi gani wala mafuta yamepanda vipi. Tuweke gharama ya pakiti moja iwe shilingi 38, pamoja na pakiti yenyewe na gesi, na mwenye duka akate moja ya tano ya bei ya rafu. Ukifuata bei bora utauza 50, maana hakuna anayetafuta shilingi mbili za chenji. Duka linachukua 10, unabaki na 40, faida ni shilingi 2. Ukiuza 60, duka linachukua 12, unabaki na 48, faida ni 10.

Angalia sasa waliokataa. Kwa 50, tuseme 12 wanaona rahisi mno na 8 ghali mno; wamebaki 80 ambao hawajakataa. Kwa 60, wenye shaka wamepungua hadi 6 na waliokimbia kwa ughali wamefika 22, wamebaki 72. Umepoteza watu wanane, na faida ya kila pakiti imezidi mara tano. Mpwa wangu angefuata ile iitwayo bei bora angekaanga mchana kutwa kwa faida ya kununulia kiberiti.

Alipoona hivyo akarukia juu. "Mjomba, basi 70! Nitapata 18 kila pakiti." Kwa hesabu ya karatasi yuko sawa, kwani kwa 70 wanabaki 55 ambao hawajakataa. Lakini hapa maswali manne yanaishia. Yanakwambia nani hajakataa, hayakwambii nani atanunua. Kati ya hao 55, watu 16 walishasema 70 ni ghali lakini naweza kufikiria. Kachri haziishi kwa mtu kufikiria mara moja. Zinaishi kwa mtoto kupita dukani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Aliyeona ghali ataonja siku moja ya sherehe.

Pengo hilo liliwahi kuzibwa. Mwaka 1993 Newton, Miller na Smith walipendekeza maswali mawili zaidi: kwa ile bei uliyoiita nafuu, uwezekano wako wa kununua ni upi? Na kwa ile uliyoiita ghali? Majibu huwekewa uzito kutoka "hakika nitanunua" hadi "sinunui kabisa", ukapata mstari wa watarajiwa kwa kila bei. Mimi ningeyauliza kila mara, ila nisingeamini uzito wake kwa shilingi ya mwisho. Mtu aliyelishwa kachri bure huwa mkarimu wa ahadi.

Tahadhari moja zaidi, halafu niwaachie: usiwachanganye wanunuzi. Ukiwahoji wanafunzi 50 wenye 20 mfukoni na wafanyakazi 50 wanaotoka ofisini, mistari itakutana mahali ambapo hayupo hata mmoja wao. Dalili yake ni mstari unaopanda, ukalala, ukapanda tena. Hapo tenga makundi, chora mara mbili. Usiichanganye na ngazi zinazotokea kwenye 50 na 100, hizo ni za kawaida, watu hupenda kujibu kwa noti.

Tumekubaliana hivi: pakiti itawekwa 60 katika duka moja na 70 katika jingine, mitaa inayofanana, wiki nne. Mwenye duka ataandika pakiti zilizotoka kila siku, na alama ya msalaba kwa kila anayerudi. Mamake bado anasema 30.