Tairi kubwa, mshale wa spidi na odomita: mafundi wawili, majibu mawili

"Noah yangu ilikuja na matairi 195/65R15. Nimefunga 205/70R15 ili inyanyuke kidogo. Fundi mmoja hapa Pongwe, Tanga, ananiambia spidomita sasa itanidanganya. Mwingine anasema ndiyo kwanza itasema kweli. Nimfuate nani?"

Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Wa kwanza ana haki zaidi kwenye odomita, yaani ile hesabu ya kilomita. Wa pili huenda ana haki kwenye mshale, lakini kwa sababu ambayo yeye mwenyewe pengine hajaijua. Ili kuwatenganisha, inabidi tuangalie vyombo hivi viwili vinapata wapi habari zake.

Spidomita haioni barabara, inahesabu mizunguko tu. Kwenye magari ya zamani waya wa spidi hutoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku ndogo nyuma ya dashibodi. Sumaku hiyo inazunguka ndani ya kikombe cha alumini bila kukigusa. Alumini haivutwi na sumaku, lakini sumaku inapozunguka huzalisha ndani ya kikombe mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hukifanya kikombe kitake kuifuata. Springi laini inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe, kwa hiyo unasimama pale ambapo mvuto wa sumaku na nguvu ya springi vinalingana. Ubunifu huu alipewa hataza Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902, na ulidumu kwenye magari karibu karne nzima.

Waya huohuo unaendesha odomita, ila kwa njia tofauti kabisa: gia za kupunguza mwendo zinasukuma vigurudumu vya namba, kimoja kikimaliza kumi kinamsukuma jirani yake hatua moja. Hapa hakuna springi wala sumaku. Ni meno kwa meno, kwa hiyo odomita haina nafasi ya kukadiria.

Kwenye magari ya karibuni waya umeachwa na kazi inafanywa na sensa inayotuma mapigo ya umeme. Kipimo kilichozoeleka kwenye magari mengi ya Kijapani ni mizunguko 637 ya mhimili wa spidi kwa kila kilomita, na mapigo manne kwa kila mzunguko, yaani mapigo 2,548. Dashibodi ikishapokea mapigo hayo inaongeza kilomita moja. Haiulizi tairi lina ukubwa gani. Ilishaambiwa kiwandani, na inaendelea kuamini hivyo hata baada ya wewe kutoka kwa muuza matairi.

Sasa tuchukue kalamu. Kwenye 195/65R15, upana ni milimita 195, ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 15, sawa na milimita 381. Ubavu unatoka milimita 126.75. Ukihesabu ubavu wa juu na wa chini pamoja na rimu, kipenyo kinakuwa milimita 634.5. Kwa 205/70R15 ubavu ni milimita 143.5 na kipenyo ni milimita 668. Gawanya 668 kwa 634.5, unapata 1.053. Kila mzunguko mmoja, gari sasa linasogea asilimia 5.3 mbele zaidi ya ilivyokuwa, na dashibodi haijui.

Kwa hesabu hiyo pekee fundi wa kwanza ameshinda: mshale ukiwa 80, gari liko kwenye 84. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba mshale ulikuwa mkweli tangu mwanzo, na hapo ndipo fundi wa pili anapopata pa kusimama.

Watengenezaji hawauachi mshale uonyeshe pungufu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema spidi inayoonyeshwa isiwe chini ya spidi halisi kamwe, na inaruhusu izidi kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari likiwa kwenye 80 halisi, mshale unaruhusiwa kusoma hadi 92. Kiwanda hakitaki kuingia upande uliokatazwa, kwa hiyo kinauweka mshale juu kidogo kwa makusudi. Odomita haiguswi na hila hiyo, kwa sababu marekebisho yanafanywa kwenye springi au kwenye namna kompyuta inavyosukuma mshale, si kwenye hesabu ya mizunguko.

Nililiona hili kwenye Noah yangu, nilipotoka matairi ya kipimo kilekile cha msomaji kwenda kipimo kilekile alichofunga yeye. Kabla ya kubadilisha niliendesha barabara ya Muheza asubuhi mapema, mwendo uleule bila kuongeza wala kupunguza, jirani yangu akiwa ameshika simu yenye GPS. Mshale ulisoma 80, simu ikasoma 76. Kisha tukahesabu nguzo za kilomita za pembeni mwa barabara: nguzo 20 mbele, odomita nayo ikawa imeongeza 20.0. Yaani mshale ulikuwa unazidisha, odomita ilikuwa safi.

Baada ya kufunga matairi makubwa tukarudi njia ileile. Mshale 80, simu 80. Nguzo 20, odomita 19.0.

Tairi moja limesahihisha chombo kimoja na kukiharibu kingine. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kubishana mchana kutwa pale Kange, kila mmoja akiwa na gari lake la ushahidi, na wasifike popote. Mmoja anaangalia mshale, mwingine anaangalia kilomita.

Hata hivyo simpi fundi wa pili ushindi mzima hata kwenye mshale. Ziada iliyowekwa na kiwanda haifanani kwa kila gari, na wala si lazima iwe asilimia ileile kwenye kila spidi. Tuseme gari lako linazidisha kilomita 2 tu mshale ukiwa 80. Mwendo halisi ulikuwa 78. Kwa tairi hili jipya unakuwa 82, na mshale bado unakuonyesha 80. Kwenye maeneo ya makazi ambako kikomo ni 50, mwanya ni mdogo zaidi, na tochi ya trafiki inapima gari lenyewe, haisomi dashibodi yako. Kinga uliyopewa na kiwanda umeitumia yote, na labda umeivuka. Kwa hiyo kauli ya "sasa itasema kweli" ni sahihi kwa gari lililopimwa tu.

Kwenye odomita madhara ni ya polepole, na kwa maoni yangu ndiyo yanayostahili kukusumbua. Ukijaza lita 40 na odomita ikaonyesha kilomita 500, utasema gari linakwenda 12.5 kwa lita. Kumbe umetembea 526, na jibu la kweli ni kama 13.2. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba matairi makubwa yameongeza ulaji wa mafuta. Inawezekana yameongeza kweli, kwa sababu ya uzito na msuguano, lakini sehemu ya hasara wanayoiona ni kilomita ambazo hazikuandikwa. Oili ya kubadilishwa kila kilomita 5,000 itakuwa imetembea 5,265. Hilo si balaa. Ila likiendelea miaka, mnunuzi atasoma 100,000 kwenye gari ambalo limetembea 105,300, na wewe utakuwa umemwuzia maelezo yasiyo sahihi hata kama hukukusudia. Andika kwenye daftari la sevisi tarehe na namba ya odomita siku ulipobadilisha matairi, mtu aweze kuhesabu.

Kuna kosa moja ninalolisikia sana: watu wanadhani rimu kubwa ndiyo inayovuruga mshale. Si lazima. Funga 205/55R16 kwenye Noah hiyohiyo. Rimu imepanda hadi inchi 16, lakini ubavu umepungua hadi milimita 112.75, na kipenyo kizima kinatoka kama milimita 632. Tofauti na tairi la asili haifiki hata nusu ya asilimia. Mshale na odomita havitasikia kitu. Kinachohesabika ni kipenyo cha nje cha tairi zima, na hata hicho hubadilika chenyewe: tairi jipya lenye mifereji ya kina cha milimita 8 likilika hadi 1.6, kipenyo kinapungua karibu milimita 13, yaani asilimia 2. Kwa hiyo usishangae vipimo vyako vikitofautiana kidogo na vya mwenzako mwenye tairi lilelile.

Kama huna GPS wala nguzo za kilomita karibu, chaki inatosha. Weka upepo sawasawa, dereva akae ndani, piga mstari mmoja chini ya tairi unaoendelea hadi sakafuni, sukuma gari hadi tairi lizunguke mara tano kamili, kisha pima kwa tepu na ugawanye kwa tano. Fanya hivyo kwa tairi la zamani na jipya. Urefu utatoka mfupi kidogo kuliko hesabu ya karatasi, kwa kuwa tairi linabonyea chini ya uzito, lakini uwiano wa mawili hayo ndio unaoutafuta.

Je, ilikuwa na faida? Gari limenyanyuka nusu ya tofauti ya vipenyo, yaani milimita 17. Kwa anayepita njia za vumbi za kupandia Amani wakati wa masika, hata milimita 17 zina maana, na sitamwambia azitoe. Aangalie tu kama tairi linakwaruza madigadi anapokata kona hadi mwisho gari likiwa limejaa. Kwa anayezunguka mitaa ya mjini, Ngamiani na Chumbageni, mimi ningechagua 205/65R15: kipenyo milimita 647.5, tofauti asilimia 2 tu.

Anayetaka kubaki na tairi kubwa anaweza kuirekebisha odomita. Kwenye gari la waya, fundi hubadilisha gia ndogo ya plastiki inayoendesha waya pale kwenye giaboksi: kutoka meno 38 kwenda 36, kwa mfano, waya unazunguka haraka zaidi kwa asilimia 5.6. Kwenye gari la sensa kuna kiboksi cha kurekebisha mapigo kinachofungwa kabla ya dashibodi, na baadhi ya magari hukubali kuandikiwa kipimo kipya cha tairi kwenye kompyuta. Lakini ajue anachokirudisha. Mapigo yakishasahihishwa, nguzo 20 zitasoma tena 20, na mshale nao utarudi kusoma 80 wakati gari liko kwenye 76, kama lilivyotoka kiwandani.