Barua ya Meneja Imefika, Bando Halijarudi

Jamani kampuni yangu ya simu imeniletea barua ya kuniomba radhi kwa intaneti kukatika. Imeandikwa "Ndugu Mteja Wetu wa Thamani", meneja kaisaini kabisa, imekuja kwa imeili, sasa mtu ambaye intaneti imekata imeili anaisomea wapi, nimeiona net iliporudi wakati hasira zimeshaanza kupoa ikabidi nizipashe upya.

Ni ile katika ya Mei 2024, mnaikumbuka, Jumapili tarehe 12 mikongo miwili ya intaneti inayopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, ikakatika kule upande wa Afrika Kusini. Na Bahari ya Shamu mikongo mingine ilishakatika tangu Februari, kwa hiyo hata pa kuzungukia pamebana. Hayo yote nimeelezwa na dogo fundi simu hapa mtaani. Barua ya meneja inasema "changamoto ya kiufundi iliyo nje ya uwezo wetu". Basi!

Dogo ananiambia mkongo wenyewe kule kwenye kina kirefu ni kama mpira wa kumwagilia bustani tu, ndani kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Ukikatika wanapima kwa mwanga kutoka nchi kavu wajue umekatika kilomita ya ngapi, halafu inatafutwa meli maalumu, inapakia vifaa, inafika inakokota ndoano chini mpaka inaunasa upande mmoja, inaupandisha, wanaupima, wanauegesha kwenye boya, wanarudi kuvua upande wa pili, ndo waunge uzi kwa uzi. Na bahari ikichafuka mnasubiri. Sasa kumbe ni kazi ya wiki, si wangesema hivyo tu siku ya kwanza? Sisi tunaambiwa "mafundi wetu wanalishughulikia", nikawa nazima na kuwasha simu kama chizi nikijua labda jamaa yuko juu ya mnara na bisibisi.

Lakini kilichoniuma ni hiki. Kupiga simu kulikuwa kunafanya kazi, meseji zinaenda, na ile menyu ya nyota na reli ya kununulia bando nayo iko fiti, maana inaishia kwenye mitambo yao humuhumu nchini, haina shida na mkongo. Yaani kuniuzia walikuwa wanaweza, kunipa ndo hawawezi! Nimenunua bando la wiki, limekaa linazungusha kaduara, wiki ikaisha, ikaja meseji mbio kabisa "kifurushi chako kimekwisha muda wake". Hiyo meseji haikupata changamoto ya kiufundi.

Nimeisoma barua mara tatu natafuta sehemu ya kurudishiwa MB zangu au hata kuongezewa siku. Kuna "tunathamini uvumilivu wako", kuna "tunajali", halafu chini kabisa mstari mmoja: kwa maoni piga huduma kwa wateja, gharama za kawaida zitatozwa.